Asali imetoa povu na inanuka kama pombe. Si huwa tunaambiwa asali haiharibiki?

Mkwawa_Juu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na asali.

Nipo Iringa mjini. Mke wangu anauza asali kwenye chupa za nusu kilo na kilo moja. Tunaletewa na shemeji yangu aliyeko Sikonge, Tabora, kwa ndoo za lita 20. Ndoo ya kwanza ililetwa mwaka jana kiangazi. Hiyo haikutusumbua kabisa, na chupa mbili zilizobaki mpaka leo ni safi. Ndoo ya pili ililetwa mwezi wa tatu mwaka huu, tukaijaza kwenye chupa zilezile, mfuniko uleule, kabati lilelile.

Ilipofika Juni baridi ikaanza, chupa za ndoo ya pili zikaganda nusu. Chini kuna kitu cheupe kama sukari, juu imebaki asali nyepesi. Hilo halikunisumbua. Ila wiki iliyopita mteja amerudisha chupa. Nimefungua, ikatoa hewa "psss" kama soda, juu kuna povu jeupe, na harufu ni ya kitu kilichochacha. Nimekagua zilizobaki, chupa 11 kati ya 19 ziko hivyohivyo.

Maswali yangu ni haya. Asali inaharibika kweli? Ikiwa inaharibika, kwa nini ya mwaka jana imekaa na ya mwaka huu imekufa? Na hizi chupa 11 nifanye nazo nini?

Kiberiti_Kimoja
Mkuu umepigwa. Asali halisi haigandi na haiharibiki milele. Hiyo imechanganywa na sukari guru, ndiyo maana umeona sukari chini. Ukitaka kuhakikisha chovya njiti ya kiberiti kwenye asali halafu washa. Ikiwaka ni asali, isipowaka ni maji ya sukari. Njia nyingine, dondosha kwenye glasi ya maji, ikizama bila kuyeyuka ni halisi.

Binti_Pangani
Mimi yangu haijatoa povu ila imekuwa nyepesi kama juisi. Nipo Tanga, chupa naiweka mezani kwa sababu watoto wanapaka kwenye mkate kila asubuhi, mfuniko tunauegesha tu. Nilipoinunua ilikuwa nzito kweli, unageuza chupa na haishuki. Sasa inashuka kama maji. Nayo imechanganywa?

Mrina_wa_Miombo
Mkwawa_Juu, pole sana wewe na shemeji yangu hapo nyumbani. Nimerina asali miaka 22, ya mizinga ya magogo kwanza na sasa ya mizinga ya masanduku, na hilo lililokupata limenipata mimi pia kwenye ndoo zaidi ya moja. Kabla sijajibu naomba uulize Sikonge mambo matatu.

Kwanza, ndoo ya pili ilirinwa mwezi gani, na mvua zilikuwa zinanyesha? Pili, masega yalikuwa yamezibwa na nta juu, au mengine yalikuwa bado wazi? Tatu, baada ya kukamua, ndoo ilikaa wazi kwa muda gani kabla ya kufungwa?

Wakati tunasubiri majibu, nimjibu Kiberiti_Kimoja, maana hayo anayosema yanasemwa na watu wengi na yanawaumiza wauzaji waaminifu. Ndugu yangu, karibu asali zote huganda, ni suala la muda na baridi tu. Ndani ya asali kuna sukari za aina mbili zilizo nyingi, glukosi na fruktosi. Glukosi haipendi kukaa imeyeyuka kwenye maji machache hivyo, kwa hiyo polepole inajitoa na kuwa punje. Asali ya maua yenye glukosi nyingi huganda ndani ya wiki chache, na yenye fruktosi nyingi inaweza kukaa mwaka bila kuganda. Joto linaloigandisha haraka zaidi ni karibu nyuzi 14, ndiyo maana Juni ya Iringa imefanya kazi yake. Kuganda si kuharibika.

Kuhusu njiti, hapo una ukweli kidogo. Njiti iliyolowa maji haiwaki, kwa hiyo unachopima ni maji yaliyomo, si uhalisi. Sharubati ya sukari iliyopikwa ikawa nzito itawaka vizuri tu, na itazama kwenye glasi vizuri tu. Na asali halisi kabisa iliyorinwa kabla ya wakati inaweza isiwake.

Mkwawa_Juu
Asante sana mkubwa. Nimepiga simu. Shemeji anasema mwenyewe hakuwepo porini, aliinunua kwa mrinaji mwingine. Huyo mrinaji anasema alirina katikati ya mvua, mwezi wa pili mwishoni, kwa sababu aliogopa wezi wa mizinga. Masega "mengi yalikuwa yamefunikwa". Kuhusu ndoo kukaa wazi, anasema alichuja kwa kitambaa usiku kucha jikoni, ndoo imefunikwa kanga.

Mrina_wa_Miombo
Basi sasa naweza kusema jambo.

Nyuki akitoka kwenye ua habebi asali. Anabeba mbochi, maji matamu ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji matupu, na kwa maua mengine maji yanafika asilimia 70 au 80. Ukiyaweka mbochi kwenye chupa yatachacha kwa siku mbili, kama tembo la mnazi. Kazi ya nyuki ndani ya mzinga ni kuyakausha. Wanapokezana mdomo kwa mdomo, wanayatandaza kwenye vyumba vya sega, na wengine wanasimama kupiga mabawa usiku kucha ili hewa ipite. Ukiweka sikio kwenye mzinga usiku wa msimu wa maua utasikia mngurumo huo. Maji yakishuka mpaka karibu asilimia 18 au chini yake, ndipo wanaziba chumba kwa nta. Ile nta ndiyo mfuniko wao, ndiyo alama yao kwamba hii imeiva.

Sasa fikiria papa mkavu au ng'onda sokoni. Kwa nini hawaozi? Chumvi imeyashika maji yote, na kijidudu chochote kikitua pale kinanyonywa maji yake mwenyewe kabla hakijazaliana. Kwenye asali sukari inafanya hivyohivyo. Maji yamo, asilimia 17 au 18, lakini yote yameshikwa na sukari, hakuna kijidudu kinachoweza kuyanywa. Juu ya hapo asali ni chachu kuliko ulimi unavyodhani, utamu ndio unaificha. Na nyuki wanatia kimeng'enya ambacho asali ikipata maji kidogo, kinatengeneza haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Lakini ulinzi mkubwa ni ule wa kwanza, ukame. Huo ukiondoka, hayo mengine hayatoshi.

Na ndani ya kila asali mbichi kuna hamira. Si lazima mtu aiweke, inatoka kwenye maua na kwenye mzinga wenyewe. Ni hamira za aina inayovumilia sukari nyingi kuliko kijidudu kingine chochote cha jikoni. Maji yakiwa chini ya asilimia 17 zimelala tu, hata zikiwa nyingi namna gani. Yakifika 19 zinaanza kujinyoosha. Yakipita 20 ni suala la muda. Viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO vinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, na mimi kwenye ndoo zangu sikubali hata 19.

Mrinaji akikata sega ambalo robo yake haijazibwa, hiyo robo ni mbochi iliyokaushwa nusu. Anaikamua pamoja na iliyoiva na yote inaingia ndoo moja.

Kiberiti_Kimoja
Mkubwa nimekuelewa kuhusu kuganda, nakubali. Lakini bado nasema huyo mrinaji katia maji. Robo tu ya sega haiwezi kuharibu ndoo nzima.

Mrina_wa_Miombo
Tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kama kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji. Chukua kilo 27 za asali nzuri yenye maji asilimia 18. Ongeza lita moja tu ya maji. Sasa una kilo 28 zenye maji karibu asilimia 21. Lita moja ndani ya ndoo, na macho hayataona tofauti yoyote, lakini umetoka kwenye asali inayokaa miaka na kuingia kwenye asali itakayochacha kabla ya Krismasi.

Hiyo lita inaweza kutoka kwenye bomba, kama unavyosema. Inaweza pia kutoka kwenye masega mabichi. Na sehemu yake inaweza kutoka hewani, ndoo ikilala usiku kucha jikoni siku za mvua na kanga tu juu yake. Kwa kuonja hutajua ni ipi kati ya hizo, na mimi sitamhukumu mtu nisiyemjua.

Binti_Pangani
Kumbe hewani? Hapo ndipo swali langu lilipo.

Mrina_wa_Miombo
Ndiyo dada yangu, samahani nilikupita. Asali inavuta unyevu kama chumvi ya pwani inavyolowa kwenye kopo. Asali yenye maji asilimia 18 inatulia kwenye hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 60. Hewa ya Tanga ukingoni mwa bahari mara nyingi inazidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo kila saa mfuniko unapoegeshwa, asali yako inakunywa hewa. Inaanza juu, uso wa chupa unakuwa mwepesi wakati chini bado ni nzito. Haijachanganywa. Imelowa. Funga mfuniko mpaka mwisho, usitumie kijiko chenye maji wala chenye makombo ya mkate, na hiyo iliyobaki imalizeni mapema au iwekeni kwenye friji. Ya mkate wa watoto, mimina kidogo kidogo kwenye kichupa.

Hata zile habari za asali ya makaburi ya Misri watu wanazopenda kusimulia, ziwe za kweli au la, wanasahau kusema kwamba huko ni jangwani, hewa kavu, na chombo kimefungwa. Hakuna aliyeiegesha mfuniko Pangani.

Mzee_Kalenga
Wanangu, kwetu asali iliyochacha haikutupwa. Ndiyo wanzuki hiyo. Mama alikuwa anaongeza maji ya uvuguvugu na kuweka karibu na moto, siku chache watu wanakaa barazani. Huyu kijana asihuzunike, asali yake imeanza safari tu.

Mkwawa_Juu
Shikamoo mzee. Asante. Sisi ni Waislamu, hiyo safari hatuwezi kuifuata. Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi zaidi, maana kuna wateja wangu nao ni Waislamu. Hii yenye povu imeshakuwa kilevi?

Mzee_Kalenga
Marahaba mwanangu. Samahani, sikujua. Kwa hilo sina jibu.

Mrina_wa_Miombo
Hamira inakula sukari na kutoa hewa ya kaboni na pombe. Hewa ndiyo "psss" na povu, pombe ndiyo harufu. Ikiendelea, pombe nayo inageuka kuwa siki, ndiyo uchachu. Katika asali nzito kama hii mwanzoni pombe ni kidogo sana, lakini ipo, siwezi kukuambia haipo. Hukumu yake muulize shehe wako, ukimweleza hivyohivyo ilivyo. Kibiashara mimi ningesema usiiuze kama asali kwa mtu yeyote, na uliowauzia kutoka ndoo ile uwapigie.

Na jambo la haraka kabla ya yote: nenda ulegeze mifuniko ya zile chupa 11 sasa hivi. Chupa ya kioo iliyobanwa sana ikiwa na hewa hiyo ndani inaweza kupasuka.

Mkwawa_Juu
Nimelegeza zote. Mbili zilimwaga povu mpaka kwenye rafu. Asante sana mkubwa, mke wangu anakushukuru.

Bado kuna kitu hakijanikaa. Zile chupa nane zilizobaki zilitoka ndoo hiyohiyo. Kwa nini hazijachacha? Nimeziangalia vizuri, hazijaganda au zimeganda kidogo sana. Zilizochacha zote zimeganda nusu. Wewe umesema kuganda si kuharibika.

Mrina_wa_Miombo
Umeona jambo ambalo wafugaji wengi hawalioni, na jibu lake ndilo ninalotaka kila muuza asali wa nyanda za juu alijue.

Kuganda si kuharibika, lakini kuganda nusu kunafungua mlango. Punje za glukosi zikijitoa, zinachukua maji kidogo mno. Karibu maji yote yanabaki kwenye ile sehemu ambayo haijaganda. Chukua kilo moja ya asali yenye maji asilimia 20, yaani gramu 200. Gramu 150 zikiganda na kuzama, zinaondoka na maji gramu 14 hivi. Zilizobaki juu ni gramu 850 zenye maji gramu 186. Gawanya uone, inakaribia asilimia 22. Hakuna aliyeongeza tone, lakini juu ya chupa sasa kuna asali yenye maji mengi kuliko ile uliyojaza. Hamira zinaamka pale pale, kwenye mpaka wa punje na maji.

Ndiyo maana povu lako liko juu na chini kukavu. Asali ya asilimia 17 ikiganda hivyo, sehemu ya juu inafika 18 au 19 tu na mara nyingi inavumilia. Yako haikuwa na nafasi.

Asali iliyoganda yote kwa pamoja, laini kama siagi kutoka juu hadi chini, ni salama zaidi kuliko iliyojitenga. Maji yake yametawanyika kati ya punje, hayakukusanyika juu.

Upendo_wa_Mama
Jamani nasoma kimya tangu mwanzo. Nina mtoto wa miezi saba ana kikohozi, mama mkwe ananiambia nimlambishe asali na limau. Kwa hiyo nikipata asali isiyochacha, iliyoiva vizuri, si ni salama? Maana mmesema hakuna kijidudu kinachoishi humo.

Mrina_wa_Miombo
Hapana dada, usimpe. Nimesema hakuna kinachozaliana, sikusema hakuna kilicholala. Kuna bakteria anaitwa klostridiamu botulinamu, mbegu zake zinatoka kwenye udongo na vumbi, na zinaweza kulala ndani ya asali iliyo nzuri kabisa. Mtu mzima zikimwingia tumboni zinapita tu. Tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja bado halina wenyeji wa kuzizuia, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli.

Nesi_wa_Zamu
Nathibitisha hilo. Chini ya miezi 12 hakuna asali, hata tone, hata kwenye chuchu ya bandia. Kuichemsha hakusaidii, mbegu hizo zinavumilia maji yanayochemka. Ikiwa mtoto amekwisha kulambishwa, angalia choo kigumu kisicho cha kawaida, kunyonya kwa udhaifu, kilio chembamba, shingo kulegea. Ukiona hayo nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie kwamba alipewa asali. Kwa kikohozi cha miezi saba mlete kituo cha afya aangaliwe kifua. Na mama mkwe mwambie kwa heshima, wengi tulilambishwa tukakua, lakini aliyepatwa hukutani naye barazani.

Upendo_wa_Mama
Asanteni sana. Sikumpa. Nitampeleka kesho.

Usambara_Nyuki_Wadogo
Mimi nafuga nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni nyepesi na chachu tangu siku ya kwanza, na wateja wanaipenda kwa dawa. Kwa maelezo haya mimi nauza asali mbovu?

Mrina_wa_Miombo
Hapana mkuu, hiyo ni asali ya namna nyingine. Maji yake ni mengi kwa asili, 25 mpaka 30 na zaidi, na uchachu ni tabia yake. Usiipime kwa kipimo cha asali ya nyuki wakubwa. Ila nayo inaendelea kuchacha ndani ya chupa, kwa hiyo wengi wanaiweka kwenye baridi. Wewe unaiwekaje?

Usambara_Nyuki_Wadogo
Kwenye friji, na mfuniko naufungua kila baada ya siku chache kutoa hewa. Miezi sita inakaa. Zaidi ya hapo wateja wengine wanailalamikia, wengine wanasema ndiyo imekolea.

Mkwawa_Juu
Wakuu, nimerudi na taarifa. Nimeazima refraktomita kwa kikundi kimoja cha wafugaji nyuki hapa Iringa. Ni kidude kama darubini ndogo, unaweka tone kwenye kioo, unafunika, unaangalia kuelekea kwenye mwanga na kusoma mstari. Walinieleza kwamba haisomi asali iliyoganda, kwa hiyo chupa moja niliiyeyusha ikiwa imefungwa vizuri ndani ya maji ya uvuguvugu, nikaikoroga, nikaiacha ipoe ndipo nikapima.

Asali nyepesi ya juu kwenye chupa iliyochacha: 22.5.
Chupa nzima baada ya kuyeyushwa na kukorogwa: 20.5.
Chupa ya mwaka jana: 17.8.

Mrina_wa_Miombo
Hapo umepima sawasawa, na namba zinasema zenyewe. Ndoo ilikuja na 20 na ushei, baridi ikaigawa, juu ikafika 22. Ya mwaka jana ilirinwa kavu na itakaa.

Kidogo tu kuhusu kupima siku zijazo. Ndoo ikikaa bila kukorogwa, asali yenye maji mengi inaelea juu na nzito inazama. Ukipima tone la juu peke yake utamwonea muuzaji, ukipima la chini utajidanganya. Koroga kwanza mpaka chini kabisa, kwa mwiko mkavu.

Kiberiti_Kimoja
Kwa hiyo maji yaliongezwa au hayakuongezwa?

Mrina_wa_Miombo
Kipimo hicho kinahesabu maji, hakijui yalikotoka. Asilimia 20.5 nimewahi kuipata mwenyewe kwenye masega niliyokata kwa mkono wangu siku ya mvua.

Kiberiti_Kimoja
Mimi bado moyo wangu unasita. Ila sawa.

Mkwawa_Juu
Shemeji amesema atamfuata uso kwa uso. Sasa nifanye nini na hizo nane ambazo hazijachacha? Naweza kuzichemsha?

Mrina_wa_Miombo
Usichemshe. Hamira zinakufa ukiiweka asali kwenye nyuzi 63 kwa nusu saa, kwa kusimamisha chupa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto. Lazima uwe na kipimajoto. Punje nazo zitayeyuka. Lakini ujue unacholipa: harufu ya maua inapungua, rangi inakoza, vimeng'enya vinadhoofika, na kinazaliwa kitu kinachoitwa HMF kinachoonyesha kwamba asali imepashwa moto au imezeeka. Viwango vinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Kupasha mara moja kwa uangalifu hakukufikishi huko, kupasha kila mwezi kunaweza.

Na kupasha hakuondoi maji. Asilimia 20.5 inabaki 20.5, na hamira mpya zikiingia kazi inaanza upya. Kwa hiyo pasheni, zifungeni zikiwa bado za moto, zitumieni nyumbani kwenye chai ndani ya miezi michache. Za povu, zile ambazo harufu imekolea, moto hauzirudishii ladha.

Mkwawa_Juu
Kuna mtu kaniambia niwarudishie nyuki, watazikausha wenyewe.

Mrina_wa_Miombo
Usifanye hivyo. Asali iliyochacha inawaharisha nyuki, na asali ya mzinga usioujua inaweza kubeba magonjwa ya makinda mpaka kwenye mizinga ya jirani. Zifukie.

Duka_la_Kona
Swali la haraka. Chupa za supamaketi zina tarehe ya mwisho, miaka miwili. Kama asali kavu haiharibiki, hiyo tarehe ni ya nini?

Mrina_wa_Miombo
Ni ahadi ya mwenye kiwanda kwamba mpaka siku hiyo rangi, harufu na ladha zitakuwa kama alivyojaza. Asali inazeeka hata ikiwa kavu, hasa dukani penye joto na jua la dirishani. Inakuwa nyeusi na inapoteza harufu yake. Ukifungua chupa iliyopita tarehe, haina povu wala uchachu, unaweza kula. Kuiuza ni jambo jingine, hapo fuata sheria.

Duka_la_Kona
Mimi ya kwangu iliyopita tarehe nimeila mwaka mzima na ipo sawa. Ila weusi umeongezeka kweli, nilidhani ni macho.

Mkwawa_Juu
Nimezifukia 11, nane tumezipasha kama ulivyosema, kipimajoto tuliazima kwa mtu wa maziwa. Wateja watano nimewarudishia hela. Mmoja alikataa, akasema yake alishaimaliza na ilikuwa tamu.

Ndoo ijayo shemeji ataenda mwenyewe porini baada ya mvua kukatika. Nimemwambia asipokee sega ambalo halijazibwa, na nitapima hapa kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Mkubwa Mrina, ikisoma 19 nipokee au nikatae?

Mrina_wa_Miombo
Kwa Iringa, kama unaiuza yote kabla ya Juni, pokea. Kama itakaa mpaka baridi, kataa, au iache kwanza kule Sikonge kwenye chumba kikavu cha kiangazi, kwenye sinia pana, kitambaa chembamba juu, ukiikoroga asubuhi na jioni. Hewa ya huko mwezi wa nane ni kavu kiasi cha kurudisha maji yake. Mimi nimewahi kushusha kutoka 19.5 mpaka 18 kwa siku nne hivi, mwenzangu wa kijiji cha pili alijaribu akashindwa kwa sababu chumba chake kilikuwa na mitungi ya maji. Pima kila siku, usitegemee siku zangu.